Filamu ya katuni mbele ya wawekezaji: dhana na ukweli

Dhana: Kwenye hotuba yako kwa wawekezaji, taja filamu iliyovuna mabilioni, watavutiwa.
Hapo ndipo wengi huwapoteza. Frozen ya mwaka 2013 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2, lakini iligharimu takriban milioni 150 na nyuma yake kulikuwa na Disney, wenye mtandao wao wa kusambaza duniani kote. Wewe, tuseme, unaomba dola milioni 3. Lete filamu zinazokaribiana na yako kwa bajeti na kwa njia ya kuuzwa. Flow ya Latvia inafaa zaidi: iligharimu takriban yuro milioni 3.5, ikatengenezwa kwa programu ya bure ya Blender, na mwaka 2025 ikatwaa tuzo ya Oscar. Ila usiitaje peke yake, maana tuzo haipangiki kwenye bajeti. Ongeza filamu moja iliyokula hasara na useme iliteleza wapi. Ukiificha, wataitafuta wenyewe.

Dhana: Tiketi zikizidi gharama, tayari ni faida.
Chukua filamu ya kubuni iliyogharimu dola milioni 3, ikauza tiketi za milioni 10. Majumba ya sinema yanabaki na karibu nusu, zinasalia milioni 5. Msambazaji akikata asilimia 30, zinabaki 3.5. Kisha anajirudishia milioni 2 alizotumia kwenye matangazo. Kinachomfikia mtayarishaji ni milioni 1.5, yaani nusu tu ya gharama. Pengo lililobaki lijazwe na mauzo ya televisheni na mitandao ya kutazamia filamu, na hesabu hiyo uisome mwenyewe kwenye hotuba, usingoje kuulizwa.

Dhana: Programu ni ya bure, basi gharama ni ndogo.
Pesa inakwenda kwenye mishahara. Dakika 80 ni sekunde 4,800. Msanii mmoja akichezesha wahusika kwa sekunde 10 kwa wiki, hiyo ni kazi ya wiki 480. Wasanii kumi wataimaliza kwa wiki 48, kabla hujagusa mandhari, taa, sauti na marudio. Marudio ndiyo yanayokausha akaunti, kwa hiyo hadithi ifungwe kwenye michoro ya awali, wakati kubadili tukio bado ni kazi ya penseli. Tenga pia akiba ya asilimia 10 hivi.

Dhana: Watazamaji wetu ni kila mtu.
Sema "watoto wa miaka 6 hadi 10", kisha uzungumzie mzazi, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa, na mara nyingi hulipia viti vitatu.

Dhana: Tarehe ya kutoka tutaijua filamu ikiisha.
Flow ilianzia tamasha la filamu la Cannes Mei 2024, ikaenda tamasha la katuni la Annecy Juni, na Novemba ikaingia sinema za Marekani. Kalenda ya namna hiyo ndiyo inayomwonyesha mwekezaji lini msambazaji atapatikana na lini pesa ya kwanza itaanza kurudi. Ukikosa tamasha la Juni kwa wiki chache tu, huenda ukasubiri mwaka mzima, huku riba ya mkopo ikiendelea kujilimbikiza.