Siku moja kabla ya pepa la Hesabu: mada ipi ishikwe, ipi iachwe

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, wanafunzi huniletea swali lilelile: "Mwalimu, imebaki siku moja, nisome nini?" Wengi wameshaanza kujijibu kwa vitendo. Wamefungua daftari ukurasa wa kwanza, kwenye namba na desimali, wanapiga mazoezi ambayo tayari wanayaweza. Nataka kueleza ninavyowapangia siku hiyo kwa kutumia muhtasari mzima wa somo. Mfano wangu ni Basic Mathematics ya NECTA kwa muundo wa maswali 14: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10, na yote ni ya lazima. Kama pepa lako lina muundo mwingine, badilisha hesabu za alama. Njia itabaki hiyohiyo.

Tunaanza na muhtasari wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa sababu kumbukumbu huficha mada. Mwanafunzi akiulizwa ataje mada zinazomsumbua, atataja za kidato cha nne alizofundishwa juzijuzi: vekta, matriksi, trigonometria. Zile za kidato cha tatu kama uhasibu, duara, dunia kama tufe na mfululizo wa namba hazimjii kabisa, kumbe zina alama nyingi. Kwa hiyo andika mada zote kwenye karatasi moja, kisha chukua pepa za nyuma za miaka mitatu au minne na uweke mbele ya kila mada namba ya swali inakotokea. Utaona mpangilio. Mara nyingi sehemu B huwa na takwimu na duara, dunia kama tufe na maumbo ya pande tatu, matriksi na mageuzi, kisha fanksheni na lile swali la kutafuta faida kubwa zaidi kwa grafu.

Safu ya pili ni udhaifu, na hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu udhaifu hukadiriwa kwa hofu. Mada inayotisha huonekana dhaifu kuliko ilivyo, na mada uliyoizoea kwa macho huonekana imara. Upime. Kwa kila swali la pepa, fanya moja la nyuma bila daftari, dakika 10 tu, kisha lisahihishe kwa ukali na uandike alama ulizopata. Pembeni andika pia ulikwama wapi: hukujua pa kuanzia, ulianza vizuri ukakwama katikati, au ulimaliza lakini jibu si sahihi. Maneno hayo machache yana thamani kuliko alama yenyewe, nitaonyesha kwa nini.

Tuchukue binti aliyepata 39 katika kipimo hiki. Sehemu A kapata 27 kati ya 60, sehemu B 12 kati ya 40. Anataka C, ambayo huanzia 45. Alama anazopoteza ni hizi: fanksheni na grafu ya faida 9, tufe na maumbo 8, matriksi na mageuzi 6, takwimu na duara 5, trigonometria 5, uhasibu pamoja na faida na hasara 4. Zilizobaki zimetawanyika kidogokidogo kwenye maswali mengine.

Ukipanga kwa alama na udhaifu peke yake, asubuhi ataanza na grafu ya faida, kwa kuwa ndiko anakopoteza nyingi. Huo ndio mtego. Nikitazama alichoandika pembeni, anakwama kwenye kugeuza maelezo marefu ya Kiingereza kuwa mikosekano ya x na y. Tatizo hilo halitibiki kwa siku moja. Akitumia saa tatu huenda akaongeza alama 3. Kwenye takwimu, kwa upande mwingine, anajua fomula ya wastani na ya kati, ila anaweka kikomo cha chini cha daraja mahali pa mpaka wa chini, yaani 20 badala ya 19.5. Nusu saa ya mazoezi inarudisha alama 3.

Ndiyo maana naongeza safu ya tatu: alama zinazoweza kurudi kwa saa moja. Takwimu inatoa 6 kwa saa. Tufe ni 4, kwa sababu fomula ni chache na kosa lake ni moja: kujumlisha au kutoa nyuzi. Miji miwili ikiwa kwenye meridiani moja, mmoja 30 kaskazini na mwingine 10 kusini, tofauti ni nyuzi 40, maana ikweta iko katikati yao. Umbali ni

```
(40/360) x 2 x 3.14 x 6400 = 4466 km
```

kwa makadirio. Binti huyu alikuwa anatoa, anapata 20, na hesabu yote inapotea. Akijifunza kuchora duara dogo na kuweka alama ya ikweta kabla ya kuhesabu, kosa hilo linaondoka. Matriksi nayo ni dakika 45 kwa alama 3, kwa kuwa anachosahau ni kubadilisha ishara za namba mbili za pembeni anapotafuta inverse ya mbili kwa mbili. Uhasibu ni dakika 40 kwa alama 2. Trigonometria ni saa moja na nusu kwa alama 2 tu, na grafu ya faida ndiyo ya mwisho.

Jumla ya kazi nne za kwanza ni kama saa tatu, na alama 12. Sitegemei zote zirudi. Hata zikirudi 6 tu, anafika 45. Kwa muda unaobaki, afanye swali mojamoja la zile anazozifahamu, kama seti na mfululizo, zisipoe.

Kila kazi ikiisha, apimwe tena kwa swali la mwaka mwingine, daftari limefungwa. Kurudia swali lilelile kunapima kumbukumbu ya jibu, hakupimi mada. Kama alama haijapanda, mada hiyo isiongezewe muda, aende inayofuata. Nawaambia pia kuwa dakika 20 zikipita bila kusogea hatua moja, hiyo ni dalili kwamba makadirio ya saa yalikuwa ya matumaini.

Usomaji huu una mipaka. Unafaa kwa mtu ambaye tayari anapata sehemu ya alama katika mada nyingi. Aliye na 12 kati ya 100 hana makosa ya kurekebisha bali mada za kufundishwa, na kwake naanza na namba na faida na hasara ili avuke 30 ya D.

Na lile swali la grafu aliloliacha? Asiache ukurasa mtupu. Wasahihishaji hutoa alama kwa hatua, kwa hiyo aandike x inawakilisha nini na y nini, kisha

```
x >= 0
y >= 0
```

na mkosekano wowote mmoja anaouona wazi kwenye maelezo. Kufanya mazoezi ya mistari hiyo kunachukua dakika tano za jioni, na katika mpango wangu ndiyo sehemu pekee ya swali hilo ninayomruhusu kuigusa siku hiyo.