UART: herufi takataka zinatoka wapi

Chomeka moduli ya ESP8266 kwenye kompyuta, fungua Serial Monitor kwa 115200, kisha bonyeza kitufe cha kuiwasha upya. Kwanza zinamwagika alama zisizosomeka, halafu maandishi ya programu yako yanafuata, safi kabisa. Waya hazijaguswa. Kilichobadilika katikati ni kasi ya anayetuma.

UART ni saketi ndogo ndani ya chipu inayotuma baiti kwa kupitisha biti moja moja kwenye waya mmoja. TX, pini ya kutumia, ya huyu huenda kwenye RX, pini ya kupokelea, ya yule, na GND zao huunganishwa. Hakuna waya wa tatu wa kupigia saa. Kila upande unahesabu muda kwa saa yake mwenyewe, na kinachokubaliwa mapema ni kiwango cha baudi tu, yaani idadi ya biti kwa sekunde. Kwa 9600, biti moja inakaa mikrosekunde 104 hivi. Kwa 115200, inakaa mikrosekunde 8.7.

Waya ukiwa hauna kazi hukaa juu, yaani kwenye 1. Anayetaka kutuma huushusha hadi 0 kwa muda wa biti moja. Hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Zinafuata biti 8 za data, ile yenye thamani ndogo ikitangulia, kisha biti ya kuishia ambayo daima ni 1. Mkusanyiko huo wa biti 10 ndio fremu, na mpangilio wake huandikwa 8N1: data 8, bila pariti, biti 1 ya kuishia. Kwa hiyo 9600 inakupa herufi 960 kwa sekunde, si 1200 kama wengi wanavyopiga hesabu wakigawanya kwa 8.

Herufi A ni 65, au 01000001. Kwenye waya inapita hivi:

```
sehemu:  0  1  2  3  4  5  6  7  8  9
waya:    0  1  0  0  0  0  0  1  0  1
```

Sehemu 0 ni ya kuanzia, 9 ni ya kuishia. Anayepokea hulinganisha saa yake mara moja tu kwa kila fremu, pale anapoona waya umeshuka kutoka 1 kwenda 0. Kutoka hapo anasubiri nusu biti ili afike katikati ya sehemu 0, kisha anachungulia kila baada ya biti moja. Akishaanza kuhesabu, hakuna wa kumrekebisha mpaka fremu nyingine ianze.

Sasa tuseme saa yake inachelewa, kiasi kwamba biti yake ni ndefu kwa asilimia 10. Hili si jambo la kubuni: saa ya ndani ya chipu ya ATmega328P, isiyotumia kristali, huhakikishiwa usahihi wa asilimia 10 tu inapotoka kiwandani. Badala ya kuchungulia kwenye 0.5, 1.5, 2.5, anachungulia kwenye 0.55, 1.65, 2.75, na pengo linazidi kupanuka:

```
muda:    0.55 1.65 2.75 3.85 4.95 6.05 7.15 8.25 9.35
sehemu:  0    1    2    3    4    6    7    8    9
anaona:  0    1    0    0    0    0    1    0    1
```

Sehemu 5 ameiruka. Biti ya kuishia ameimeza kama data. Ukizipanga biti 8 alizoziona, kubwa ikitangulia, unapata 10100001, yaani 161 badala ya 65. Namba inayozidi 127 si herufi kamili katika UTF-8 ikiwa peke yake, ndiyo maana skrini inakuonyesha ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza.

Akitafuta biti ya kuishia anachungulia kwenye 10.45. Kama herufi nyingine imefuata papo hapo, hapo pana biti yake ya kuanzia, ambayo ni 0. Mpokeaji anatangaza hitilafu ya fremu. Kama waya umetulia, anaona 1 na kuipokea 161 bila kulalamika. Ukiona kifaa kinapokea vizuri ukigonga herufi moja moja lakini kinavurugika ukibandika aya nzima, shuku saa zilizo kwenye ukingo wa kushindwa.

Ukingo huo unahesabika. Biti ya kuishia inachunguliwa baada ya biti 9.5, na mpokeaji hatakiwi kupotea zaidi ya nusu biti. Nusu gawanya kwa 9.5 ni asilimia 5 na kidogo, tena kwa pande zote mbili kwa pamoja. Ukitoa na ule muda mdogo wa kugundua kwamba waya umeshuka, kila upande ubaki ndani ya asilimia 2.

Turudi kwa ESP8266. Programu ya kuwashia iliyochomwa ndani ya chipu inahesabu kana kwamba kristali ni ya MHz 40, ilhali moduli nyingi zimewekewa ya MHz 26. Inakusudia 115200, lakini inachotoa ni hiki:

```
115200 × 26 / 40 = 74880
```

Programu yako inajua kristali halisi, hivyo inatoa 115200 ya kweli. Weka Serial Monitor kwenye 74880 na zile takataka zitasomeka: `ets Jan  8 2013,rst cause:`, zikifuatiwa na sababu ya chipu kujiwasha upya. Ni taarifa yenye faida mno kifaa kinapojizima ovyo, na watu wengi huipuuza kwa kudhani ni kelele za umeme.

Pariti ni biti moja ya ziada kabla ya ile ya kuishia. Kwa pariti shufwa, mtumaji huiweka 0 au 1 ili jumla ya moja zote iwe namba shufwa. Inanasa biti moja iliyogeuka. Zikigeuka mbili, inapita bila kushtuka. Ulinzi wake ni mwembamba, na aghalabu utakutana nayo pale upande mmoja unapoisahau. Mtumaji akiwa 7E1, yaani data 7, pariti shufwa, biti 1 ya kuishia, na mpokeaji 8N1, fremu zote mbili zina biti 10, hivyo hakuna hitilafu ya fremu, ila biti ya pariti inasomwa kama biti ya nane ya data. Neno HABARI litafika na H, A, B, A zikiwa salama, kwa kuwa kila moja ina moja mbili. R na I zina tatu, nazo zinaharibika. Kwa hiyo ukiona baadhi ya herufi ni safi kila mara na nyingine ni mbovu kila mara, usihangaike na baudi, angalia pariti.

Usipojua kasi ya anayetuma, mwagize atume herufi U mfululizo bila nafasi. U ni 01010101, na ikiongezewa biti za kuanzia na kuishia inakuwa 0 na 1 zinazopokezana bila kukatika. Pima TX kwa multimita yenye Hz, kisha zidisha kwa 2: Hz 4800 ni baudi 9600. Ukipata kama Hz 600 kwenye ATmega328P mpya uliyoiandikia programu ya MHz 8 na baudi 9600, chipu inakwenda kwa MHz 1, kwa sababu inatoka kiwandani fyuzi ya CKDIV8, yaani mpangilio uliohifadhiwa ndani ya chipu, ikigawanya saa kwa 8.