Picha ikitulia kwenye tangi la viwimbi, usikimbilie kuandika

Dhana: viwimbi vikionekana vimesimama, basi stroboskopu imelingana na mota.

Katika jaribio la kupima kasi ya viwimbi vya maji vinavyotikiswa na mota, hii ndiyo inayoharibu majibu kuliko zote. Stroboskopu ni sahani yenye mianya inayozungushwa; ukichungulia kupitia mianya hiyo, picha hutulia iwapo kila mwanya unafika jichoni wakati kilele kimeshika pahali pa kilele cha mbele yake. Hali hiyo hutokea baada ya mtetemo mmoja wa mota, na vilevile baada ya miwili au mitatu. Sahani inayozungushwa polepole nayo itatuliza picha, ikupe nusu au thuluthi ya masafa ya kweli, yaani ya idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Chukua sahani ya mianya 12. Inazunguka mara 5 kwa sekunde 10 na picha imetulia: 12 × 0.5, yaani hezi 6. Kalamu ingoje. Ikifika mizunguko 10 kwa sekunde 10, picha inatulia tena, mistari ikiwa na nafasi ileile: hezi 12. Endelea hadi mizunguko 20. Inatulia, lakini mistari imekuwa maradufu na imesogeleana, kwa kuwa jicho sasa linanasa vilele vikiwa nusu njia pia. Umepitiliza. Rudi kwenye hezi 12, mwendo wa juu kabisa unaotuliza picha bila kuongeza mistari.

(Feni ya maabara izimwe wakati huo. Joto la Mombasa nalijua, lakini upepo wake huchafua uso wa maji.)

Dhana: nafasi ya mistari kwenye karatasi ndiyo urefu wa wimbi.

Taa iko juu ya tangi na karatasi iko chini, hivyo picha imekuzwa. Laza rula ya plastiki ndani ya tangi: ikiwa sentimita 10 zake zinatoa kivuli cha sentimita 14, ukuzaji ni 1.4. Sasa pima kutoka mstari mweupe wa 1 hadi wa 10. Tuseme ni sentimita 25.2. Gawa kwa 9, si kwa 10, maana mistari kumi ina nafasi tisa: 2.8. Gawa tena kwa 1.4, upate sentimita 2.0.

Kasi ni masafa mara urefu wa wimbi: 12 × 2.0 = sentimita 24 kwa sekunde. Ungeshikilia hezi 6 ungepata 12; ungesahau ukuzaji, karibu 34. Mwenye shaka azime mota, agonge maji mara moja kwa rula, apime wimbi hilo likikata sentimita 36. Kwa kasi ya 24 huchukua sekunde 1.5, kwa 12 lingechukua 3, na hata saa ya simu inaonyesha tofauti hiyo.

Dhana: mota ikienda mbio, mawimbi nayo yataenda mbio.

Mota ikiongezwa, vilele husongamana. Kasi hubadilika kidogo tu. Kinachoipunguza waziwazi ni maji kuwa haba. Ukiona mistari imebanana upande mmoja wa tangi kuliko mwingine, angalia kama tangi limeinama.