Zege linaloelea majini linaweza kubeba ghorofa?

"Nimeona video ya bloku la zege likielea kwenye pipa la maji. Je, zege jepesi namna hiyo naweza kumwagia slabu ya ghorofa?"

Hilo lililoelea, hapana. Kuna zege jepesi jingine linaloweza kazi hiyo, ila ukilitia majini linazama.

Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, na ya zege la kawaida ina kilo 2,400 hivi. Bloku uliloliona ni la zege la povu, ambalo hutengenezwa kwa uzito wowote kati ya kilo 400 na 1,600, kadiri fundi atakavyotia povu. Halina kokoto. Huchanganywa uji wa saruji na mchanga laini, kisha humwagiwa povu zito kutoka kwenye mashine, mfano wa lile la kunyolea ndevu.

Tuchukue la kilo 800. Mita moja ya ujazo itataka mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, mchanga uliochekechwa kilo 250, maji lita 170 na povu lita 625. Povu lote hilo lina uzito wa kilo 30 tu, lakini limeshika zaidi ya nusu ya nafasi. Sasa angalia unachopoteza: mifuko hiyo hiyo 7, ukiitia kokoto nzuri, inakupa zege la slabu lenye nguvu ya megapaskali 25 au zaidi. Hapa unapata 2 hivi, yaani kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba. Kinachoshikilia zege ni saruji iliyoganda, na hewa umeipenyeza ndani ya saruji yenyewe, kwa hiyo umeitoboa gundi.

Zege la kokoto nyepesi hufanya kinyume. Hewa imefungiwa ndani ya jiwe, na saruji inayolizunguka imebaki nzito na imeshikana. Jiwe hilo laweza kuwa la volkano, kama yale mekundu yenye vitundu yanayofyatuliwa bloku huko Arusha na Kilimanjaro, au vipande vya udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 mpaka vikavimba. Kwa kokoto nzuri za udongo huo, zege la kilo 1,800 hufikia megapaskali 25 hadi 30 bila shida. Hilo ndilo la slabu, na linapunguza robo ya uzito. Mawe ya volkano hutofautiana sana, na mengine huvunjika kabla saruji haijachoka, kwa hiyo vunja vipande vya majaribio maabara kwanza. Pia mwambie mhandisi mapema, maana slabu ya aina hii hupinda zaidi ya ile ya kawaida hata kama nguvu zinalingana. Kokoto hizi hunywa maji, hivyo ziloweshwe kabla ya kuchanganya. Na mashine ya kushindilia ikizidishwa, zinapanda juu na kuacha uji chini.

Zege la povu basi lina kazi gani? Kwangu mimi, kazi yake bora ni juu ya paa la slabu. Paa la mita 8 kwa 5 linahitaji mteremko wa kupeleka maji kwenye mabomba, tuseme unene wa wastani wa sentimita 10. Hizo ni mita 4 za ujazo. Kwa saruji na mchanga wa kawaida unaipandishia slabu zaidi ya tani 8. Kwa povu la kilo 800 ni tani 3 na kidogo, na joto la jua linapungua kuingia ndani. Juu yake lazima upige lipu ngumu kisha tabaka la kuzuia maji, kwa sababu zege hili ni laini na linanyonya.

Kabla ya kumwaga, jaza ndoo ya lita 10 na uipime. Ukiondoa uzito wa ndoo, ibaki kilo 8. Ikiwa 9 au 10, povu limekufa, na mara nyingi sababu ni mchanga mchafu au kuchanganya kupita kiasi. Usimwage kina kirefu kwa mkupuo mmoja, la sivyo la chini hubonyea kabla ya kuganda. Lifunike na ulimwagilie pia, maana husinyaa mara kadhaa zaidi ya zege la kawaida, na nyufa zake huanza mapema.

Kuta za kugawa vyumba zinafaa kwa bloku zake, mradi fremu ya jengo iwe ya zege la nondo. Ukitaka kuning'iniza tangi la maji ya moto au kabati la jikoni, tumia skrubu ndefu zenye plagi za bloku laini, au acha kipande cha zege gumu mahali hapo wakati wa kujenga. Msumari wa kawaida utaingia kwa mkono mmoja na kutoka vivyo hivyo.