Je, wajua kwa nini Kihispania husema "puedo" lakini "podemos"?

Kwa nini kwenye karatasi za mazoezi ya kitenzi poder, yaani kuweza, tunajaza puedo, puedes na pueden, lakini tukifika kwenye nosotros, yaani sisi, irabu inarudi kuwa o?

Kinachoamua ni mkazo. Irabu ya mzizi hubadilika pale tu inapobeba mkazo, na mkazo ukihamia kwenye kiambishi cha mwisho, irabu hiyo hubaki kama ilivyo katika umbo la msingi.

Msomaji wa Kiswahili ana sikio lililokwisha kuzoea jambo hili, kwa kuwa neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s, na lisilo na alama ya mkazo, hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa maneno yetu mengi. Chukua pensar. Katika pienso, piensas, piensa na piensan silabi hiyo ni ya mzizi, kwa hiyo e imekuwa ie. Katika pensamos mkazo umeangukia -sa-, na katika pensáis alama juu ya á inaonyesha kwamba umekwenda mwishoni, kwa hiyo e imebaki e.

Asili yake ni ya kale. O fupi ya Kilatini iliyokazwa iligeuka kuwa ue katika Kihispania, na e fupi iliyokazwa ikawa ie. Ndiyo maana mlango ni puerta lakini bawabu ni portero, na saba ni siete lakini sabini ni setenta. Vitenzi vimehifadhi tu badiliko lililoipitia lugha nzima. Deber haibadiliki, ikawa debo, kwa kuwa e yake ilikuwa ndefu. Umbo la msingi halionyeshi tofauti hiyo, na kwa sababu hiyo kamusi nyingi huandika ie, ue au i kando ya kitenzi, alama ambayo yafaa kujifunza pamoja na neno lenyewe.

Pedir ina njia yake. Badiliko la e kuwa i hutokea katika vitenzi vya -ir pekee, ingawa katika wakati uliopo hufuata mkazo uleule: pido, pides, pide, piden, kisha pedimos na pedís. Nje ya wakati huo kanuni hii haitoshi, kwani pidiendo ina i japo mkazo uko kwingine.

Kosa linalojirudia sana kwenye karatasi hizo ni puedemos. Mwanafunzi amejaza nafsi tatu za umoja kwa pued-, kisha akabandika -emos juu ya mzizi huohuo. Alisome kwa sauti: pue-DE-mos. Mkazo uko kwenye de, hivyo ue haina cha kuishikilia, na jibu ni podemos. Akishuka kwenye ellos, yaani wao, mkazo unarudi kwenye mzizi, naye anaandika pueden.