J2, 2taonana, saa 2: namba moja inayosomwa kwa njia tatu

Chukua ujumbe huu, wa aina inayopita kila siku kwenye simu za Tanzania:

"2taonana J2 saa 2 asb. cjui km m2 mwingine atakuja"

Namba 2 imeandikwa mara nne, na inasomwa kwa njia tatu. Katika "2taonana" na "m2" inachukua sauti yake ya Kiingereza na kukaa mahali pa silabi "tu": tutaonana, mtu. Katika "J2" inasomwa pili, yaani Jumapili. Katika "saa 2" ni mbili ya kawaida. Herufi "c" nayo hutamkwa kama jina lake la Kiingereza, ndiyo maana "cjui" ni sijui. "Asb" na "km" ni maneno yaliyopunguzwa herufi tu: asubuhi na kama.

Ufupisho huu ulikuwa na sababu. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na ukizidi hapo hutozwa kama ujumbe wa pili. Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja nafsi, wakati na mtendwa, kwa hiyo maneno yake ni marefu. "Tutakapokutana" peke yake ni herufi 14. Siku hizi watu wengi hawahesabu tena herufi, lakini mazoea yamebaki.

Ukitaka kujua namba isomwe vipi, tazama jirani yake. Ikiwa imegandana na herufi za neno, kama "k2", "w2" au "2po", jaribu kwanza sauti "tu": kitu, watu, tupo. Ikiwa imesimama peke yake baada ya saa, shilingi au tarehe, ni hesabu. Ikifuata herufi J kubwa, ni jina la siku. Hapo kwenye siku ndipo watu hukosana miadi, kwa hiyo panahitaji maelezo zaidi.

J3 ni Jumatatu, J4 Jumanne, J5 Jumatano. Hesabu hii inaanzia Jumamosi, kwa sababu wiki ya Waswahili huanza upya baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa. Mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha tunaingia Alhamisi, jina lililotoka kwenye neno la Kiarabu la tano. Kwa hiyo wiki yetu ina "tano" mbili zinazofuatana, moja iliyohesabiwa kuanzia Jumamosi na nyingine, ya Waarabu, kuanzia Jumapili. J6 haipo. Alhamisi huandikwa "Alh".

Sasa mpelekee "J3" msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi. Kwake siku ya kwanza ni Jumatatu yetu, na siku ya tatu ni Jumatano yetu. Akiichukua ile 3 kwa hesabu yake, atafika siku mbili baadaye. Tofauti ni ileile kwa J2, J4 na J5: kila mara ni siku mbili. Hata mtu aliyezoea kalenda za kompyuta zinazoanza na Jumatatu huingia kwenye kosa hilohilo. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mtu akichelewa siku mbili kamili huku akiamini kabisa kwamba amewahi, tatizo ni hesabu ya wiki, wala si uzembe.

Saa ina mkanganyiko wa namna hiyo, ila wenyewe ni wa saa sita. "Saa 2 asb" ni 8:00 kwenye kioo cha simu. Ndugu aliyekulia Uingereza au Marekani anaweza kuisoma kuwa saa nane ya usiku wa manane.

Kwa kundi lililochanganyika, andika "Jumapili tarehe 14, saa 2 asubuhi (8:00)". Tarehe ndiyo inayookoa, kwa kuwa kumi na nne ni kumi na nne Lubumbashi, Muscat na Tanga.

Hatari nyingine iko kwenye "c", kwa sababu mara nyingi ndiyo hubeba ukanushi. "Ntakuja" ni nitakuja, "ctakuja" ni sitakuja, na herufi moja tu ndiyo inayotenganisha ndiyo na hapana. Alfabeti ya Kiswahili haina c inayosimama peke yake, tunayo "ch" tu, kwa hiyo mzee ambaye hakusoma Kiingereza hana mahali pa kuanzia. Akiona "ctakuja" anaweza kuiruka ile herufi akidhani ni kosa la kidole, akabaki na "takuja", ambayo mitaani ni nitakuja. Atakupikia. Unapokataa mwaliko, kukanusha malipo au kueleza kwamba hujameza dawa, andika "si" kwa ukamilifu wake, hata kama maneno mengine yote umeyafupisha.