Kufuta programu si kusitisha malipo

"Niliiondoa programu kwenye simu siku ya tano ya majaribio ya bure. Mbona bado nimekatwa pesa?"

Ulichofuta ni programu tu. Makubaliano ya kulipa yamo kwenye akaunti yako ya Google Play au Apple, na yalianza pale ulipothibitisha majaribio, ndiyo maana uliombwa kadi hata kwa kitu cha bure. Usipositisha mwenyewe, muda ukiisha malipo hukatwa bila kuulizwa tena.

Tuseme ulianza tarehe 3 Juni kwa siku 7. Makato ni tarehe 10. Kwa Apple, sitisha angalau saa 24 kabla, yaani tarehe 9 saa ileile uliyoanzia. Ukingoja siku yenyewe umechelewa. Kwenye Play Store gusa picha ya akaunti yako, kisha `Payments & subscriptions`, `Subscriptions`, chagua huduma, `Cancel subscription`. Kwenye iPhone fungua `Settings`, gusa jina lako, kisha `Subscriptions`. Kama hukuti kitu, huenda uliingia kwa akaunti nyingine, au ulijisajili kwenye tovuti ya huduma yenyewe. Hapo usitishe hukohuko.

Masharti huwa yameandikwa, ila pale jicho lisipotua: maandishi madogo jirani na kitufe kikubwa cha kuanza, dirisha la mwisho la kuthibitisha, ambalo hutaja bei na tarehe ya makato ya kwanza, na baruapepe ya uthibitisho. Tafuta humo neno `renews`.